Kunakili Muhtasari wa Kijiji Wenye Maneno Yaliyokatwa na Kuandikwa Upya

Mkazi anayefika ofisi ya kijiji kuomba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu hukabidhiwa, mara nyingi, kaunta buku yenye jalada gumu iliyoandikwa kwa mkono tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ndani yake mna mwandiko wa makatibu watatu au wanne waliopokezana kazi, na katika kila ukurasa kuna mahali ambapo neno limekatwa kwa mstari, herufi imeandikwa juu ya herufi nyingine, au silabi imechomekwa kati ya maneno mawili. Mkazi anataka nakala safi iliyopigwa chapa. Ofisi nayo ingependa kumpa nakala safi. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa kuwa nakala safi haiwezi kueleza kwamba pale paliposomeka "limetolewa" palikuwa kwanza na neno jingine.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufanya kosa hilo. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya masjala nilipewa muhtasari mmoja niuchape. Nilipofika penye neno lililorudiwa juu kwa kalamu, nilichagua usomaji ulioleta maana nzuri katika sentensi, nikaendelea. Miaka michache baadaye mchwa waliingia katika kabati la ofisi husika wakaila ile kaunta buku, na ukoo mmoja ukaja kuuliza kama eneo lao liliwahi kutolewa kwa kijiji au la. Kilichobaki kilikuwa sentensi yangu iliyonyooka, isiyo na alama hata moja. Sikuweza kukumbuka nilichokiona chini ya wino, na hakuna aliyeweza kukitazama tena.

Tangu siku hiyo nimenakili kwa namna nyingine, na namna hiyo ndiyo ninayokusudia kuieleza hapa, kwa faida ya makatibu wa vitongoji, vikundi na vyama vya ushirika, na kwa faida ya kila mkazi atakayepewa nakala na kutakiwa kuiamini.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Kiswahili hubeba uzito mkubwa katika herufi chache. Anayekata neno na kuandika jingine huonekana kwa urahisi, lakini katika lugha yetu si lazima neno zima likatwe ili uamuzi ugeuke. Kitenzi "litalipiwa" kikiongezewa herufi mbili mwanzoni huwa "halitalipiwa", na fidia iliyoahidiwa huwa imekataliwa. "Litatolewa" na "limetolewa" hutofautiana kwa silabi moja ya katikati, lakini la kwanza ni ahadi na la pili ni jambo lililokwisha kutendeka. "Wachangie" na "wasichangie" hutofautiana kwa herufi mbili. Kwa sababu hiyo, anayenakili muhtasari wa Kiswahili hana budi kutazama mianzo na viungo vya katikati vya vitenzi kuliko anavyotazama majina ya vitu. Herufi za juujuu zikiwa zimebanana, na hasa zikiwa zimebanana mwanzoni mwa kitenzi, asimame hapo.

Jambo la pili ni kwamba si kila sahihisho lina uzito sawa. Makatibu wengi huchanganya herufi "l" na "r", kisha hurudi kuzisahihisha. "Walipiga kula" hugeuzwa kuwa "walipiga kura", na hakuna mkazi atakayedai kwamba mkutano ulikusudia kula. Hata hivyo sahihisho kama hilo nalo linakiliwe, kwa sababu nitakayoionyesha katika mfano. Makosa ya tahajia ambayo katibu hakuyasahihisha yaachwe yalivyo. Vifupisho kama "M/kiti" visirefushwe. Saa nazo zisigeuzwe: mkutano ulioandikwa kuwa ulifunguliwa saa 4:00 asubuhi ubaki saa 4:00, na asitokee kijana mwenye kompyuta akauandika saa 10:00 kwa nia njema.

Tuchukue sasa ukurasa mmoja. Nimeutunga kwa ajili ya makala haya ili nisitaje kijiji chochote, lakini kila alama iliyomo ni ya aina ambayo hukutana nayo mara kwa mara. Ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, ambao kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa katika mamlaka za wilaya hupaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Mtu akiusoma kwa haraka, bila kujali masahihisho, ataona mistari minane ifuatayo:

AJENDA NA. 4: ENEO LA NYUMBA YA MGANGA
M/kiti aliueleza mkutano kuwa eneo la ekari
mbili karibu na zahanati limetolewa na ukoo
uliotajwa katika kikao kilichopita na kwamba
eneo hilo halitalipiwa fidia. Wajumbe watatu
walichangia hoja. Baada ya hapo mkutano
ulipiga kura. Waliokubali 87, waliokataa 19,
wasiopiga kura 6.

Hivyo ndivyo ningeuchapa zamani. Sasa tuutazame vizuri.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: meza karibu na dirisha, tochi, kioo cha kukuzia, karatasi tupu na kalamu ya risasi ya kuandikia kwenye karatasi hiyo. Kwenye kitabu chenyewe hapaandikwi kitu, hata nukta ya kalamu ya risasi. Kabla ya yote, ukurasa upigwe picha mara mbili kwa simu, mara moja katika mwanga wa kawaida wa mchana na mara ya pili katika mwanga wa pembeni. Fotokopi haitoshi kwa kazi hii, maana mashine hugeuza wino wa bluu, wa zambarau na mweusi kuwa weusi mmoja, na mahali palipokwanguliwa kwa wembe hutoka peupe kama pasipowahi kuandikwa.

Mwanga wa pembeni hupatikana hivi. Chumba hufanywa kiwe na giza kidogo, kitabu hufunguliwa kikalala bapa, kisha tochi huwekwa mezani kando ya ukurasa hivi kwamba mwanga unapita ukiambaa juu ya karatasi badala ya kuipiga kutoka juu. Kalamu tunazotumia siku hizi zina kipira kidogo cha chuma kwenye ncha, na kipira hicho huchimba mfereji mwembamba kwenye karatasi. Mwanga ukija kwa upande, mifereji hiyo hutoa kivuli. Mara nyingi herufi ya chini, iliyofunikwa na wino wa juu, huonekana kwa mfereji wake ingawa rangi yake haionekani tena. Ukigeuza karatasi, mifereji huwa vituta unavyoweza kuvigusa kwa ncha ya kidole, na mahali palipoandikwa mara mbili kwa mkazo huwa na vituta vingi zaidi. Mwishowe ukurasa uinuliwe uelekee dirishani. Karatasi iliyokwanguliwa kwa wembe hupitisha mwanga kuliko jirani zake, na wino ulioandikwa juu ya sehemu hiyo husambaa kingo kwa sababu uso laini wa karatasi umeondoka.

Kazi ya tatu kabla ya kuandika ni kujifunza mkono wa katibu. Yachukuliwe maneno yasiyo na ubishi katika ukurasa huohuo na kurasa za jirani, na yatazamwe namna anavyoandika herufi "t", "m", "a", "e" na tarakimu 1, 3, 5 na 7. Katibu wa mfano wetu huandika 7 bila mstari wa katikati, na 1 yake ina kofia fupi. Kwa hiyo 1 na 7 zake hukaribiana. Asiyejua hilo atadhani kwamba tarakimu imeghushiwa, kumbe ndivyo mwandiko ulivyo.

Baada ya hayo twende mstari kwa mstari.

Katika mstari wa tatu neno "limetolewa" lina wino mzito katikati. Kwa kioo tunaona mguu mrefu wa "t" ukichomoza juu ya "m", na kijiti chake cha mlalo kimepita juu ya tuta la kwanza la "m". Chini ya "e" pana duara lililofungwa, ambalo kwa mkono wa katibu huyu ni "a". Tukizilinganisha na "t" na "a" za neno "zahanati" katika mstari huohuo, zinafanana. Hakuna shaka kubwa: neno la kwanza lilikuwa "litatolewa", na "me" imeandikwa juu ya "ta".

Katika mstari wa tano, kabla ya "litalipiwa", silabi "ha" imebanwa katika nafasi iliyokuwa ya kutenganisha maneno, hata mgongo wa "h" unagusa "o" ya "hilo". Katika maneno mengine katibu huacha nafasi ya kutosha kati ya neno na neno. Bila "ha" nafasi hiyo ingekuwa ya kawaida. Hivyo "ha" haikuwapo mstari ulipoandikwa mara ya kwanza.

Katika mstari huohuo, kabla ya neno "watatu", pana neno lililokatwa kwa mstari mmoja. Linasomeka vizuri: "wawili". Neno "watatu" linafuata mbele yake katika nafasi ya kawaida, na mstari unaendelea chini bila kubanana. Hili ni sahihisho la aina nyingine kabisa, na ndilo linaloweza kuaminiwa kuliko yote. Katibu aliandika "wawili", akagundua kosa, akakata, akaandika "watatu", kisha akaendelea na "walichangia hoja". Asingeweza kufanya hivyo baada ya ukurasa kukamilika, kwa kuwa nafasi ya "watatu" isingekuwapo. Mpangilio wa maneno wenyewe unatoa ushahidi wa wakati. Sahihisho la juu ya herufi na lile la kuchomeka hayatoi ushahidi huo, kwani yangeweza kufanywa dakika hiyohiyo, jioni ya siku hiyo au mwaka uliofuata.

Katika mstari wa saba, "kura" ina "r" iliyoandikwa juu ya "l". Na katika tarakimu 87, saba imeandikwa juu ya tarakimu nyingine. Mfereji wa chini una mguu uliosimama wima na kofia fupi, kama 1 za katibu huyu. Kwa hiyo palikuwa na 81 kabla ya 87.

Sasa nakala inaandikwa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mstari mmoja wa kitabu huwa mstari mmoja wa nakala, na kila mstari hupewa namba, ili anayelinganisha asipotee. Mabano ya mraba hutumiwa kwa maneno ya anayenakili tu, na maana zake huelezwa juu ya ukurasa wa nakala. Katika ofisi moja maneno ya ndani ya mabano yawe yaleyale daima. Haya ndiyo ninayoyatumia:

1 AJENDA NA. 4: ENEO LA NYUMBA YA MGANGA
2 M/kiti aliueleza mkutano kuwa eneo la ekari
3 mbili karibu na zahanati li[chini: ta, juu: me]tolewa na ukoo
4 uliotajwa katika kikao kilichopita na kwamba
5 eneo hilo [imechomekwa: ha]litalipiwa fidia. Wajumbe [limekatwa: wawili] watatu
6 walichangia hoja. Baada ya hapo mkutano
7 ulipiga ku[chini: l, juu: r]a. Waliokubali 8[chini: 1?; juu: 7], waliokataa 19,
8 wasiopiga kura 6.

Alama ya kuuliza baada ya 1 ina maana kwamba anayenakili ameiona lakini hana hakika kamili. Kama herufi ya chini isingesomeka kabisa, angeandika "[chini: haisomeki, juu: 7]". Kama neno zima limefunikwa kwa wino mweupe wa kufutia, ataje hivyo na akadirie ni herufi ngapi zingeweza kutosha katika nafasi ile. Wino huo mweupe usikwanguliwe ili kutazama chini yake. Anayefanya hivyo huharibu ushahidi ambao mtaalamu angeweza kuupata kwa vyombo vyake.

Kazi hii hufanywa vizuri zaidi na watu wawili. Mmoja husoma kitabuni kwa sauti, herufi kwa herufi penye utata, na mwingine huandika. Kisha hubadilishana: aliyeandika husoma nakala yake, na mwenzake hufuata kwa kidole kitabuni. Inapendeza kuwa mmoja wao awe mtu asiyekuwapo katika mkutano husika. Aliyehudhuria husoma anachokikumbuka, na macho yake humwambia kwamba ndicho kilichoandikwa. Ukurasa mmoja wenye masahihisho matano kama huu huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyotazamia, na asiyeweza kuutoa muda huo ni afadhali atoe picha ya ukurasa peke yake.

Hadi hapo tumeeleza kilichopo kwenye karatasi. Linabaki swali ambalo ukoo wenye eneo utaliuliza, nalo ni haki yao kuliuliza: ni lini "ta" iligeuka "me", na ni lini "ha" iliingia?

Kuna mambo matatu ya kutazama nje ya mstari wenyewe. La kwanza ni masahihisho mengine ya ukurasa. Hapa ndipo lile sahihisho dogo la "kula" na "kura" linapopata kazi. Linaonyesha kwamba katibu alirudi kuusoma ukurasa wake baada ya kuandika na kusahihisha juu ya herufi. Kama wino na mkazo wa "r" ile unafanana na wa "me" na wa "ha", inawezekana kwamba yote matatu yalifanywa katika usomaji mmoja. Kama "r" na 7 zina wino wa bluu uleule wa mistari mingine, lakini "ha" ina bluu inayoelekea zambarau inapotazamwa katika mwanga wa jua, basi kalamu mbili zilitumika, na hilo liandikwe. Lakini kalamu mbili si uthibitisho wa udanganyifu. Kila aliyewahi kuandika muhtasari chini ya mwembe anajua kwamba kalamu huishiwa wino katikati ya ajenda.

La pili ni hesabu. Orodha ya mahudhurio katika ukurasa wa mwanzo wa muhtasari ina majina 112. Waliokubali 87, waliokataa 19 na wasiopiga kura 6 hufanya jumla ya 112. Kwa 81 jumla ingekuwa 106, na watu sita wangekosekana. Kwa hiyo sahihisho la tarakimu linaafikiana na orodha, na yaelekea katibu alijumlisha, akaona pengo, akarekebisha. Hapa panahitajika hadhari. Hesabu hutuonyesha kwamba 87 inalingana na mahudhurio, haituonyeshi ni mikono mingapi iliyoinuliwa siku hiyo. Wapo wanaojiandikisha na kuondoka kabla ya kura, na yupo katibu anayerekebisha kura ili zilingane na orodha badala ya kuuliza waliokwenda wapi. Kwa hiyo hesabu iwekwe katika maelezo chini ya nakala, na isitumiwe kamwe kuifuta ile 1 katika nakala yenyewe.

La tatu, ambalo ndilo lenye nguvu kuliko yote, ni muhtasari wa mkutano uliofuata. Kila muhtasari ulioandikwa kwa utaratibu huwa na ajenda ya kuthibitisha muhtasari uliopita, kisha ajenda ya yatokanayo. Mtu anayenakili ukurasa wenye sahihisho zito asiache kufungua kurasa hizo mbili. Katika mfano wetu ajenda ya kuthibitisha inasema: "Muhtasari ulisomwa na kuthibitishwa bila marekebisho." Na katika yatokanayo imeandikwa: "Ajenda Na. 4: Mtendaji alieleza kuwa ukoo umeandikiwa barua ya kuombwa eneo, majibu yanasubiriwa."

Sentensi hizi mbili zinasema mengi. Ya pili haipatani na "limetolewa". Eneo ambalo limekwisha kutolewa haliombwi kwa barua baadaye. Inapatana vyema na "litatolewa", neno lililoko chini ya wino. Ya kwanza inatueleza kwamba hakuna sahihisho lililopitishwa na mkutano. Kutokana nayo yanabaki mambo mawili tu: ama mabadiliko ya "me" na "ha" yalikuwapo tayari muhtasari uliposomwa, na wakazi waliyasikia wakanyamaza, ama yaliingizwa baada ya kuthibitishwa. Kitabu pekee hakiwezi kuamua kati ya hayo mawili.

Wala jicho haliwezi. Wengi huamini kwamba ukitazama kwa makini mahali mistari miwili ya wino inapokatana utaona ipi iko juu. Kwa kalamu za kipira zenye wino wa rangi moja, hilo hudanganya sana. Mstari mzito huonekana uko juu hata kama uliandikwa kwanza. Herufi ya "juu" katika nakala yangu naiita hivyo kwa sababu ndiyo iliyokusudiwa isomwe, kwa unene wake na kwa jinsi inavyoungana na herufi za jirani. Hilo nalo huelezwa katika ukurasa wa maana za alama. Umri wa wino pia haujulikani kwa kutazama. Shauri likifika mbele ya mahakama na ubishi ukawa juu ya wakati au juu ya mkono ulioandika, kitabu chenyewe hupelekwa kwa wachunguzi wa maandishi wa Jeshi la Polisi, na ndiyo sababu kitabu hakipaswi kuguswa kwa kalamu, gundi wala wembe.

Basi maelezo yaliyo chini ya nakala yetu yanaandikwa hivi, kwa maneno machache na bila kumtuhumu mtu:

"Mstari wa 3: neno la kwanza lilikuwa 'litatolewa', limerekebishwa kuwa 'limetolewa'. Mstari wa 5: 'ha' imechomekwa katika nafasi kati ya maneno. Hakuna saini kando ya masahihisho haya. Muhtasari ulithibitishwa bila marekebisho. Yatokanayo ya mkutano uliofuata yanataja barua ya kuomba eneo. Mstari wa 7: jumla ya kura kwa 87 inalingana na mahudhurio 112. Haijulikani masahihisho yalifanywa lini."

Nakala hiyo hutiwa saini na watu wawili walioifanya, tarehe ya kunakili huandikwa, na picha mbili za ukurasa huambatishwa. Kama mtu anahitaji maandishi ya kusomwa kwa urahisi, mathalani kuwasomea wazee barazani, hutengenezwa karatasi ya pili yenye usomaji ulionyooka, nayo huandikwa juu yake kwamba ni ya kusomea tu na kwamba nakala kamili iko nyuma yake. Karatasi hizo mbili hazitenganishwi. Nimeona karatasi ya kusomea ikitembea peke yake mwaka mzima, ikipigwa mihuri njiani, hadi ikaheshimiwa kuliko kitabu.

Mkazi anayepokea nakala anaweza kuipima kwa maswali mepesi. Je, mistari yake inalingana na ya kitabu? Je, inaonyesha masahihisho, au inasomeka laini mno kwa muhtasari ulioandikwa kwa mkono? Je, imeambatishwa picha? Nakala isiyo na sahihisho hata moja katika kurasa sita za mwandiko wa mkono inastahili kulinganishwa na kitabu kabla ya kutumiwa katika Baraza la Ardhi la Kijiji au katika maombi ya Hati ya Hakimiliki ya Kimila.

Kwa upande wa makatibu, yapo mazoea mawili ambayo yangeiondolea masjala sehemu kubwa ya kazi hii. La kwanza ni kuacha kabisa kuandika juu ya herufi. Neno lenye kosa likatwe lote kwa mstari mmoja, hivi kwamba bado linasomeka, kisha neno sahihi liandikwe zima mbele yake, hata kama kosa lilikuwa la silabi moja. La pili linahusu kosa linalogunduliwa baada ya mstari kujaa. Sahihisho lisibanwe katikati. Liandikwe mwishoni mwa ajenda hiyo, kwa mfano "Mstari wa tano usomeke: halitalipiwa", na mwenyekiti na katibu watie saini kando yake siku hiyohiyo. Kosa likigunduliwa wakati wa kuthibitisha muhtasari, ukurasa wa zamani usiguswe. Marekebisho huandikwa katika muhtasari mpya, chini ya ajenda ya kuthibitisha, pamoja na neno la zamani na neno jipya.

Katika ule ukurasa wa mfano, kama katibu angefanya hivyo, ukoo ungefungua kitabu na kuona maneno yote mawili, tarehe na saini mbili. Sasa utaona "ha" moja iliyobanwa, na itabidi waulizwe waliokuwapo.